Nyumba Tuliyoalikwa Kuitazama Sikukuu

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na pale nilipokosea nimefuta kwa kidole chenye mate mpaka karatasi ikatoboka. Tahajia nayo msinicheke. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika ninaponakili maneno ya nyimbo za kwaya tu. Naandika polepole. Ukurasa huu mmoja nimeuanza asubuhi, nikauacha kwenda kupalilia, nikaurudia mchana, na bado haujajaa.

Lakini jambo hili kulisema kwa mdomo siwezi. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Hata kwaya nasimama mstari wa nyuma.

Tunaishi mama na mimi, nje kidogo ya mji wa Kibondo, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba viwili na jiko la nje. Baba alishafariki. Nyuma ya nyumba kuna migomba, halafu mihogo, halafu shamba linateremka mpaka bondeni kwenye chemchemi tunakochota maji. Kiangazi njia ile ni ngumu kwa sababu ya kupanda. Masika ni mbaya zaidi, udongo wetu mwekundu unateleza, na ukianguka na ndoo unarudi tena chini kuanza upya. Zamani tulikuwa tunashuka mama na mimi tukipokezana. Siku hizi magoti yake hayakubali, kwa hiyo nashuka peke yangu.

Kaka yangu anaishi Kasulu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, mabati na misumari na rangi. Yeye ndiye aliyeleta habari ya nyumba.

Alikuja wiki moja kabla ya Krismasi na mkewe, wametuletea mchele na mafuta. Tulipomaliza kula akatoa simu mfukoni akamwambia mama, "Mama, sikiliza kitu hiki." Kampuni moja inayojenga nyumba na kuziuza ilikuwa inanunua mabati kwake, na ilikuwa imewatumia wateja wake mwaliko. Akausoma kwa sauti kama anayesoma tangazo kanisani. Baadaye nilimwomba anitumie, ninao mpaka leo, naunakili hapa:

"Salamu za sikukuu. Wewe na familia yako mnakaribishwa kutazama nyumba zetu mpya hapa Kasulu. Nyumba ya mfano itakuwa wazi kuanzia tarehe 27 Desemba hadi tarehe 4 Januari, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, na saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Jumapili tutafungua mchana tu. Siku ya Mwaka Mpya tutafunga. Huna haja ya kuweka miadi, na kutazama ni bure. Njoo na maswali yako, tembea ndani kwa nafasi yako, ondoka upendapo. Hakuna atakayekulazimisha kununua, wala kukudai jibu siku hiyo. Vinywaji na vitafunio vitakuwepo."

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Mwenye nyumba ni nani?"

"Kampuni, mama."

"Kampuni ina mke?"

Wifi yangu akacheka mpaka akashika tumbo. Kaka hakucheka. "Kampuni ni watu wengi, mama. Wamejenga, wanauza."

"Na hao watu wengi wananijua wapi hata waniite kwao sikukuu?"

"Wananijua mimi. Tunakwenda kutazama tu. Umesikia, wenyewe wamesema hakuna kulazimishwa."

Mama akaiangalia simu ile mkononi mwa kaka. Halafu akasema, "Dada yangu naye aliambiwa hivyo."

Wote tuliokuwa pale tulijua anachosema. Mama aliingia nchi hii akiwa amefungwa mgongoni kwa mama yake, kutoka Burundi, akakulia huku, akaolewa huku, na baadaye akapata uraia. Dada yake mkubwa alikuja miaka mingi baadaye na akakaa kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Katika miaka ya mwisho ya kambi, dada yake alikuwa akituambia kwamba wanaambiwa kurudi ni hiari, na kwamba wapo waliopelekwa kwanza kwenda kutazama kule kwao kulivyo kisha wakarudi kuwasimulia wenzao. Mwisho kambi ikafungwa, naye akaondoka. Mama alimsindikiza na mkungu wa ndizi. Hawajaonana tena ana kwa ana.

"Mama, hiyo ni habari nyingine kabisa," kaka alisema. "Hapa ni nyumba. Ina bomba. Ina umeme. Hospitali iko karibu, na dukani kwangu unafika kwa miguu. Na magoti hayo."

"Magoti yangu yamekulalamikia?"

"Yananilalamikia mimi nikiona unavyoinuka."

Nilikuwa nakusanya vyombo. Niliposikia neno bomba nilisimama kidogo, halafu nikaendelea.

Basi mama akakubali kwenda. Kwetu mtu akikuita nyumbani kwake siku za sikukuu huwezi kukataa bila ugomvi, na mama hakuwa na ugomvi na hao watu. Lakini pia huwezi kwenda mikono mitupu. Siku ya safari, asubuhi, alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba chake cha kanisani, na miguuni pake kulikuwa na kikapu cha maharage ya manjano, yale tunayoyaita soya, na kuku mtetea amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba.

Kaka alikuja na gari la rafiki yake. Alipoona kuku akashika kiuno.

"Mama, yule ni wa nini?"

"Wa wenyeji wetu."

"Wenyeji gani? Pale ni ofisi!"

"Umesoma mwenyewe. Vinywaji na vitafunio. Unataka nikanywe vya watu kisha nijifute mdomo?"

"Wanatoa kwa kila mtu. Ni biashara yao."

"Na kuku naye ni wangu, namtoa kwa ninayemtaka."

Wifi akanikonyeza. Kuku akapakiwa.

Njiani mvua ilinyesha ikaacha, ikanyesha tena. Mama alisinzia. Kaka alikuwa anaongea na mkewe kwa sauti ya chini, habari za malipo ya kuanzia na malipo ya kila mwezi, na kwamba shamba la Kibondo likipata mtu wa kulinunua mambo yatakuwa mepesi. Nilikuwa kiti cha nyuma pamoja na mama. Sijui kama alikuwa amelala kweli.

Nyumba zilikuwa pembeni mwa mji, mahali palipopimwa viwanja. Kulikuwa na barabara za udongo zilizonyooka, vigingi vya zege vyenye namba, na nyumba tatu zilizomalizika, zote zinafanana, bati la rangi ya maroon. Mbili zilikuwa zimefungwa. Ya tatu ndiyo ya mfano. Mlangoni walikuwa wamefunga maputo, na ndani, kwenye kona ya sebule, mti wa Krismasi wa plastiki ulikuwa unawaka na kuzima mchana kweupe.

Alitupokea dada mmoja mwenye fulana ya kampuni, mchangamfu, wa Mwanza kwa jinsi alivyoongea. Alimwamkia mama vizuri kwa kupiga goti kidogo, na nikaona uso wa mama unalegea. Halafu mama akamkabidhi kuku.

Yule dada alimpokea kama mtu anayepokea mtoto wa watu anayelia. Akamtazama kaka. Kaka akatazama dari.

"Ni... ni wa kwetu, mama?"

"Wa kwenu. Na haya maharage. Heri ya sikukuu."

"Jamani. Asante sana, mama yangu. Hajawahi mtu kutuletea." Akatoka nje, tukamsikia akimwambia mlinzi, "Mfunge pale kwenye bango, na usije ukamchinja." Akarudi na kikapu kitupu akakiweka karibu na miguu ya mama. Mama akakitazama kile kikapu. Kwetu kikapu hakirudishwi kitupu, hata chumvi kidogo unaweka. Lakini alikisogeza tu kando kwa mguu. Nadhani alimhesabu yule dada kama mtu wa mbali ambaye hakufundishwa.

Tukaletewa soda na keki na karanga. Mama akanywa, akala, akashukuru. Kisha yule dada akasema, "Haya, karibuni ndani mtembee. Vyumba vitatu, kimoja kina choo na bafu ndani yake. Jiko hili hapa. Stoo. Anzeni popote."

Kaka na mkewe wakainuka. Mama akabaki kwenye kochi.

"Mama, twende uone vyumba," kaka alisema.

"Nimeona sebule."

"Vyumba vya kulala, mama."

"Vya nani?"

"Havina mtu!"

Mama akanyoosha shingo kuelekea korido. Mlango wa chumba kikubwa ulikuwa wazi, na kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jeupe, mito miwili, na taulo limekunjwa juu yake. "Kitanda kimetandikwa," alisema, kama mtu anayemwonyesha mtoto jambo lililo wazi. "Niingie chumbani kwa watu, mbele ya mkwe wangu? Mimi?"

Wifi yangu alisimama palepale koridoni, mguu mmoja mbele. Hakuwa amefikiria. Na kweli, mkwe na mkwewe kwetu hawaingii pamoja mahali penye kitanda, wala hawapitani mlangoni. Kaka amekaa mjini muda mrefu, na dada wa kampuni hakujua kabisa. Wifi akarudi akaketi kwenye stuli mbali na mama, akajifunika vizuri khanga, na kutoka hapo hakuona nyumba zaidi ya sebule ile. Kwa hiyo kati ya watu wanne tuliokwenda kutazama nyumba, aliyeitazama ni kaka, na mimi.

Mimi nilikuwa jikoni. Kulikuwa na sinki la chuma linalong'aa na bomba refu lililopinda. Nililifungua. Maji yakatoka. Nikalifunga. Nikangoja kidogo nikalifungua tena, nikaweka mkono chini yake. Yalikuwa ya baridi na hayakuwa na rangi. Sikusikia hatua, lakini nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ameshika ukuta kwa sababu ya magoti, ananitazama. Jiko lilikuwa halina kitanda, kwa hiyo alikuwa amekuja.

"Yanatoka," nilisema. Sikujua niseme nini kingine.

"Naona," alisema. Akarudi kukaa.

Nikafunga bomba nikaenda kuketi karibu naye. Dada wa kampuni alikuwa anaeleza. Alieleza bila haraka, hilo siwezi kumnyima. Alionyesha ramani yenye namba ya kiwanja na kitalu. Alisema anayelipa yote kwa pamoja anapunguziwa kidogo kwa ajili ya sikukuu, na anayelipa kwa awamu anatoa kwanza sehemu, kisha kila mwezi, na hati inahamishwa jina akimaliza. Alisema nyumba haishikiwi mtu kwa maneno, mpaka malipo ya kwanza, kwa hiyo akilipa mwingine kabla yetu tusimlaumu. "Lakini leo hatuchukui hata shilingi ya mtu," alisema. "Leo ni kutazama tu. Nendeni mkafikirie."

"Hati ni ya miaka mingapi?" kaka aliuliza, ingawa nina hakika alijua. Alitaka mama asikie.

"Tisini na tisa."

Mama akainua kichwa. "Na ikiisha hiyo?"

"Inaombwa upya, mama."

"Nani ataomba?"

"Wajukuu," dada akasema, na akacheka vizuri.

"Haya. Mwambieni mjukuu asisahau. Mimi nitakuwa nimelala."

Tukacheka wote, hata kaka. Lakini kicheko kilipoisha kaka akasogea mbele kwenye kiti. "Sasa mama, unaionaje? Sema tu. Ukisema ndiyo, tarehe nne haijafika nakuja kulipa."

Mama akakunja mikono juu ya kitenge.

"Mama, useme basi. Usikae kimya hivyo, dada wa watu anangoja."

"Mimi singoji, kaka," yule dada akasema.

"Nataka asikie mwenyewe kutoka kwake, dada. Mama. Nyumba nzuri au mbaya?"

"Kaka," dada akasema, na sauti yake haikuwa ya biashara tena, "tumeandika hakuna kulazimishwa. Hatukusema katazo hilo ni letu sisi tu. Hata wewe muache mama apumue."

Kaka alifura. Akanyanyua chupa ya soda iliyokwisha, akaiweka tena chini. Wifi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Mama ndiye aliyemaliza. Aliinuka kwa shida, nikamshika kiwiko. Akasema, "Nyumba nzuri. Tumeona, tumekula, tumekunywa. Mungu awabariki, awape wanunuzi wema. Tutaongea." Akampa yule dada mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, muda mrefu.

Dada wa kampuni akafurahi. Nje, akamwambia kaka tena kwamba milango iko wazi mpaka tarehe nne jioni. Kaka naye akafurahi, sijui hasira yake ilikwenda wapi. Ndani ya gari aliwasha redio. "Umesikia?" alimwambia mkewe. "Nyumba nzuri, amesema. Mungu awabariki." Wifi aligeukia dirishani. Mama alifumba macho. Kikapu kitupu kilikuwa miguuni pangu, nikakishika kati ya magoti kisigongegonge.

Mimi nilijua. Mtu wa kwetu hasemi hapana ndani ya nyumba aliyonyweshwa. Anasifu, anabariki, anasema tutaongea, anakwenda zake. Ukisikia baraka ndefu namna ile ujue mtu ameshafika mlangoni moyoni mwake. Kaka aliyajua hayo alipokuwa mdogo. Alikuwa ameyasahau, au hakutaka kuyakumbuka siku ile. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sisemi nisipoulizwa, na mara nyingine hata nikiulizwa.

Usiku na mchana wa siku zilizofuata nilichoka kuliko kawaida. Mvua haikukatika. Nilishuka bondeni, nikapanda, nikashuka. Mama alikuwa akinitazama nikiingia na ndoo, halafu anatazama kwingine. Hatukuizungumzia nyumba hata mara moja. Mwaka Mpya tulikwenda kanisani, tukaimba, tukarudi tukala wali na maharage.

Siku ya pili ya mwaka mpya, asubuhi, nilikuwa nafagia uwanja nikasikia mama anaita kutoka kwenye migomba, sauti ambayo sijaizoea. Nikakimbia. Katikati ya mihogo kulikuwa na mwanaume amevaa buti za mvua, anatembea kwa hatua ndefu zilizo sawa, anahesabu kwa midomo. Pembeni yake kaka, ameshika kamba ya kupimia.

Mama alikuwa amesimama na fimbo yake. "Huyu anatafuta nini mihogoni mwangu?"

Yule mtu akavua kofia. "Shikamoo mama. Natazama tu."

"Unatazama nini?"

"Shamba, mama. Nilialikwa nije kutazama."

Nikaona mabega ya mama yanashuka. Hakupiga kelele. Akamwambia yule mtu, "Baba, karibu nyumbani upate uji, mvua itakukuta. Lakini hapa hapauzwi. Ukitoka hapa usihesabu tena." Yule mtu akamtazama kaka, akaona mambo, akasema anawahi, akaondoka kwa pikipiki. Hata uji hakunywa.

Tukarudi uwanjani watatu. Kaka alitupa kamba chini.

"Mama, umeniaibisha. Yule mtu ametoka mbali."

"Nani alimwita?"

"Mimi. Kwa sababu ulikubali."

"Nilikubali nini?"

"Nyumba! Ulisema nyumba nzuri. Ulisema Mungu awabariki. Ulimshika yule dada mikono kama binti yako!"

"Nilikuwa naaga," mama alisema.

Kaka aliokota kamba akaitupa tena. Kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Ulikaa karibu naye. Mama alikubali, hakukubali?"

Nilikuwa na ufagio mkononi. Sijui kama mnaelewa mtu asiyezoea kuongea anavyosikia siku anayoongea. Masikio yanaziba. Nilimwona kaka, jinsi alivyochoka naye, macho mekundu, amesafiri alfajiri kwenye matope. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka mama akae mahali pakavu karibu naye. Nilimwona mama, fimbo, magoti. Nikaliona lile bomba.

"Mama alikataa," nilisema. "Alikataa palepale. Mimi ndiye niliyeitaka."

Jogoo wa jirani aliwika.

"Wewe?" kaka akasema.

"Kwa ajili ya maji."

Nilitegemea mama akasirike. Hakukasirika. Aliketi kwenye benchi la jikoni, taratibu, kama kawaida yake siku hizi, akaweka fimbo mapajani. Akamwambia kaka, "Keti." Akaketi. Akaniambia na mimi, "Weka ufagio."

Halafu akasema, na nitajaribu kuandika alivyosema. "Mwanangu, mimi nimehamishwa na watu tangu sina meno. Wote walikuwa na sababu nzuri. Wengine walikuja na gari, wengine na bunduki, wengine na karatasi inayosema ni hiari yako. Hapa ndipo mahali pa kwanza nilipofika na hakuna aliyeniambia niondoke. Ukiniambia wewe, nitakwenda wapi? Nyumba yako ile ni nzuri, sikusema uongo. Lakini, oya, kwa Kirundi cha mama yangu, hapana. Sasa nimekwambia nikiwa kwangu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," kaka alisema.

"Na huyu," akanielekeza kwa kidevu, "huyu hakuhamishwa na mtu. Huyu amechoka kwa kukaa. Akitaka kwenda kukaa kwako mjini, aende. Simlazimishi kwenda wala kubaki."

Ndipo nilipotamani kulia, kwa sababu sikutaka kuachiwa jambo lile mikononi. Ni rahisi zaidi kuambiwa. Nilisema nitafikiri. Kaka akacheka kwa pua. "Tutaongea, eti? Ndiyo yaleyale." Hata mama akatabasamu.

Kaka alimpigia simu yule dada wa kampuni palepale, sauti kubwa tusikie. Nadhani alitaka apate wa kumlaumu. Alimwambia kwamba nyumba hatuchukui, mama hataki, samahani kwa usumbufu. Yule dada akasema hakuna usumbufu wowote, ndiyo maana wakaandika vile. Akasema familia nyingine iliitazama juzi na huenda wakalipa. Akauliza mama hajambo. Akasema kuku anataga pale kwenye bango na mlinzi amemwekea boksi. Kaka akamuaga, akaweka simu mfukoni, akakaa tu.

Kabla hajaondoka alizunguka nyumba akitazama bati. Akapima kwa ile kamba aliyokuja kupimia shamba. Akasema ataleta mifereji ya bati na tangi la plastiki kutoka dukani, maji ya mvua yaingie humo, na kwamba angefanya hivyo siku nyingi kama mtu angemwambia. Hakuniangalia aliposema hivyo. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alipopanda gari alisema, "Mdogo wangu, jifunze kusema." Nikasema, "Na wewe jifunze kusikia, kaka," kisha nikaogopa. Lakini alicheka, akaondoa gari.

Tangi bado halijafika. Ameniambia mifereji iko tayari, tangi la ukubwa ule limemwishia dukani, anangoja mzigo. Mvua inaendelea kuanguka kutoka paani kwetu na kwenda zake. Naweka masufuria na beseni chini ya bati, yanajaa upesi, lakini hayatoshi kufua. Kwa hiyo bado nashuka bondeni, na Kasulu sijakwenda. Mama hajaniuliza. Akiona nimekaa na karatasi hizi hanisemeshi, na jana alipalilia sehemu yangu yeye mwenyewe, kwa kukaa chini, anajisogeza kidogo kidogo.

Sijui kama nitabaki au nitakwenda. Nikibaki ni kwa ajili yake, na yeye amesema hataki mtu abaki kwa ajili yake. Nikienda, nani atashuka bondeni? Naliwaza hilo mpaka nachoka kuliwaza, kisha naenda kulala.

Ninyi mnaosoma, naomba mniandikie. Msijali mwandiko, nimewaonyesha wangu. Niambieni, kwenu mgeni anayetaka kukataa anasemaje, na wenyeji wanajuaje kwamba amekataa? Na kama kuna binti kati yenu aliyeambiwa chagua mwenyewe, akachagua, aniambie alimwambiaje mama yake. Nitajibu barua zote, ila mnivumilie, naandika polepole.